Jenereta itakula shilingi ngapi usiku wa shughuli: hesabu kutoka picha ya lebo na bei ya sheli

Sisi tunaofunga muziki na taa kwenye shughuli tunaulizwa swali hili kila mara: "Mwenye jenereta amenitumia picha ya lebo, imeandikwa lita kadhaa kwa saa. Nitenge hela ngapi ya mafuta?" Na baada ya shughuli linakuja la pili: mbona nilipiga hesabu ya lita sita, zikaliwa tisa?

Mwongozo huu unajibu yote mawili. Nimechukua shughuli ya nyumbani, mfano kitchen party uani Dar es Salaam, yenye jenereta ya kukodi ya petroli isiyozidi kilowati tano. Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne: lita kwa saa, mara idadi ya saa, mara bei ya lita. Watu hawakosei kuzidisha. Wanakosea kuchagua namba ya kuzidisha, kwa hiyo hapo ndipo tutakapokaa zaidi.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Picha ya lebo nzima, si kipande cha mstari mmoja.
- Orodha ya vifaa vyote vitakavyochomekwa, na wati za kila kimoja.
- Saa ya kuwasha na saa ya kuzima.
- Bei ya lita moja mahali utakaponunua, siku utakayonunua.
- Kikokotoo cha simu.

Hatua ya 1: Soma lebo yote

Mwombe mwenye jenereta aifute lebo kwa kitambaa kwanza, maana huwa imejaa oili na vumbi, kisha apige picha kwa pembeni kidogo ili mwanga wa flashi usifute maandishi. Akituma kwa WhatsApp aitume kama faili. Picha ya kawaida hubanwa, na tarakimu ndogo ndizo huharibika kwanza.

Lebo tutakayotumia hapa inasomeka hivi:

```
RATED OUTPUT    2.5 kW
MAX OUTPUT      2.8 kW
FUEL TANK       15 L
FUEL CONS.      1.3 L/h (50% LOAD)
RUNNING TIME    11.5 h (50% LOAD)
```

Mstari wa kwanza ni umeme ambao mashine inaweza kuutoa saa zote bila kuumia: kilowati 2.5, yaani wati 2,500. Mstari wa pili ni kilele chake cha muda mfupi tu. Kwa hesabu zote tumia ule wa kwanza. Wakodishaji wengi hutangaza ule wa pili kwa sababu ni mkubwa.

Mstari wa nne ndio unaotafutwa: lita 1.3 kwa saa. Lakini tazama kilichoandikwa kwenye mabano. Namba hiyo ni ya mashine inayobeba nusu ya uwezo wake. Ukiisoma bila hayo mabano umesoma nusu ya habari, na hilo ndilo linaloharibu hesabu nyingi ninazoletewa.

Angalia pia alama ya desimali. Mashine nyingine huandikwa kwa mtindo wa Ulaya, `1,3 L/h`, na mkato huo maana yake ni nukta. Si lita kumi na tatu. Jenereta ndogo ya nyumbani haili lita 13 kwa saa.

Hatua ya 2: Hakiki namba kwa kutumia tanki

Tuseme picha ina ukungu na huna hakika kama ni 1.3 au 1.8. Usibahatishe. Lebo yenyewe ina njia ya kujisahihisha: gawanya ujazo wa tanki kwa lita za saa moja, ulinganishe na saa zilizoandikwa chini yake.

- 15 ÷ 1.3 = saa 11.5
- 15 ÷ 1.8 = saa 8.3

Lebo inasema saa 11.5, kwa hiyo tarakimu ni 3. Njia hii hufanya kazi hata pale mstari wa matumizi umefutika kabisa: 15 ÷ 11.5 inakurudishia lita 1.3 kwa saa.

Ila hakikisha mistari yote miwili inazungumzia mzigo uleule. Zipo lebo ambazo lita kwa saa zimetolewa kwa mzigo kamili, halafu saa za tanki zikatolewa kwa nusu mzigo ili zionekane nyingi. Hesabu ikigoma kulingana, kwanza tazama hilo kabla ya kuilaumu picha.

Hatua ya 3: Jumlisha mzigo wako

Andika kila kifaa na wati zake. Kwa shughuli yetu:

- Spika mbili zenye amplifaya ndani, pamoja na mixer: wati 400
- Projekta: 250
- Taa nne za LED za wati 50: 200
- Friji moja: 150
- Feni mbili za kusimama: 150

Jumla ni wati 1,150.

Spika ndizo zinazowachanganya watu. Mbele imeandikwa wati 2,000 kwa herufi kubwa, na mtu anaandika 2,000 kwenye orodha. Hiyo ni namba ya kilele cha sauti, haihusiani na umeme unaovutwa ukutani usiku mzima. Geuza spika, tazama karibu na tundu la waya wa umeme. Hapo kuna namba ndogo zaidi ya umeme unaoingia, na hiyo ndiyo ya kuandika. Kama haipo, wati 200 kwa kila spika ya kawaida ya inchi 15 inayopigwa kwa nguvu inatosha kwa hesabu ya mafuta.

Friji nayo huvuta umeme mwingi kwa sekunde moja inapowaka, mara kadhaa ya wati zake za kawaida. Hilo halibadilishi hesabu ya mafuta, lakini jenereta lazima iwe na nafasi ya kuubeba huo mshtuko, hivyo usiijaze mashine hadi ukingoni.

Na jagi la umeme la kuchemshia chai lisiingie kabisa kwenye orodha hii. Moja lina wati kama 2,000. Ukilijumlisha na 1,150 unapata 3,150, umepita hata ule mstari wa kilele wa wati 2,800. Muziki utazimika katikati ya mgeni rasmi. Chai ichemke kwa gesi au mkaa.

Hatua ya 4: Linganisha mzigo wako na mzigo wa lebo

Gawanya mzigo wako kwa uwezo wa mashine: 1,150 ÷ 2,500 = 0.46. Hiyo ni karibu na nusu, na lebo imetoa namba ya nusu. Kwa hiyo tunaichukua 1.3 kama ilivyo.

Hapa ndipo swali la pili linapojibiwa. Tuseme lebo ingetoa namba ya mzigo kamili peke yake, mfano `1.8 L/h (100% LOAD)`. Mtu anajiambia: mimi natumia nusu ya umeme, basi nitakula nusu ya mafuta, 0.9 kwa saa. Kwa saa saba anapata lita 6.3. Usiku ule zinaliwa lita tisa na ushee, anaanza kumshuku kijana aliyelinda jenereta.

Kijana hana kosa. Jenereta ya kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika muda wote ili umeme utoke kwenye 50 Hz, uwe umewasha vifaa vyote au taa moja. Kuizungusha tu injini kwa kasi hiyo kunakula mafuta, kama gari linalonguruma kwenye foleni bila kusogea. Mzigo ukipungua kwa nusu, mafuta hupungua kiasi, hayapungui kwa nusu.

Kwa hiyo fuata hivi:

- Lebo imetoa namba ya nusu mzigo, na wewe uko chini ya nusu: tumia namba hiyohiyo. Utabakiza kidogo, si hasara.
- Imetoa namba ya mzigo kamili tu, na wewe uko kwenye nusu: chukua robo tatu yake. 1.8 × 0.75 = 1.35, ambayo inakaribia sana 1.3 ya lebo yetu.
- Imetoa zote mbili, na wewe uko katikati: chukua namba ya katikati. Kati ya 1.3 na 1.8 ni 1.55.
- Haikusema mzigo wowote: ichukulie kuwa ni ya nusu mzigo, kisha usiiruke hatua ya 8.

Jenereta za inverter, zile zinazopunguza mngurumo wenyewe mzigo ukiwa mdogo, hushusha kasi ya injini na huokoa mafuta kweli. Lakini zinaokoa tu swichi ya kuokoa mafuta ikiwa imewashwa, na wengi huizima wanapopiga muziki.

Hatua ya 5: Hesabu saa za injini, si saa za kadi

Kadi ya mwaliko inasema saa 12 jioni hadi saa 6 usiku. Hizo ni saa sita. Lakini mtu wa muziki anawasha saa 11 na nusu kujaribu sauti, na baada ya wageni kuondoka taa zinabaki zikiwaka hadi saa 6 na nusu watu wakusanye viti na vyombo. Injini imenguruma saa saba. Andika 7.

Kama MC wenu anajulikana kwa kuchelewa kuanza, ongeza saa nyingine sasa hivi, kwenye karatasi. Ni afadhali kuliko kutafuta petroli saa sita usiku.

Hatua ya 6: Pata bei sahihi ya lita

Kwa Tanzania Bara, EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi, na bei mpya huanza Jumatano ya kwanza ya mwezi. Hutofautiana mji kwa mji kwa sababu ya gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Unaweza kuiangalia kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Zanzibar bei hutolewa na ZURA. Kwa wasomaji wa Kenya, EPRA hutangaza tarehe 14 na bei huanza tarehe 15. Kwa hiyo shughuli ikiwa wiki ijayo na tarehe ya mabadiliko iko katikati, usifunge bajeti kwa bei ya leo.

Bei kikomo ni ya juu kabisa inayoruhusiwa, na sheli inaweza kuuza chini yake. Bei ya kuandika ni ile iliyo kwenye bango la sheli yako, mstari wa petroli. Bango lina mistari ya petroli, dizeli na wakati mwingine mafuta ya taa, na kwa haraka mtu husoma mstari wa jirani.

Kama uko mbali na sheli na unanunua kwa wauza chupa, rudisha bei iwe ya lita kwanza. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ikiuzwa shilingi 6,000, lita moja ni 4,000. Wengi huiita "lita" tu kwa mazoea, ndipo hesabu inapopotea.

Hapa chini natumia shilingi 3,000 kwa lita ili hesabu isomeke kirahisi. Wewe weka ya bango lako.

Hatua ya 7: Zidisha, kisha weka akiba

```
lita    = 1.3 x 7      = 9.1
gharama = 9.1 x 3,000  = 27,300
akiba   = 9.1 x 1.1    = 10.01  (lita 10)
bajeti  = 10 x 3,000   = 30,000
```

Yaani jenereta itakula takriban shilingi 27,300, nawe ununue lita 10 kwa 30,000. Ile sehemu ya kumi ya ziada ni ya injini iliyochakaa, maana namba ya lebo ilipimwa mashine ikiwa mpya. Usizungushe kwenda chini hata siku moja. 9.1 haiwi 9.

Tazama tena tanki: lita 15. Lita zako 10 zinaingia zote kabla ya kuwasha, kwa hiyo hakuna mtu atakayelazimika kumimina petroli gizani. Kama hesabu yako imezidi tanki, panga mapema saa ya kuzima, labda wakati wa chakula. Zima injini, iache ipoe robo saa, ndipo ujaze. Petroli ikimwagikia ekzosi ya moto inaweza kuwaka papo hapo, na mwenye sigara au tochi ya moto asisogee hapo.

Sheli nyingi hazitaki chupa na madumu ya plastiki. Beba dumu la chuma la petroli, na usijaze hadi shingoni kwa sababu petroli hutanuka kwa joto.

Hatua ya 8: Jaribu kwa saa moja

Ukiweza kuipata mashine siku moja kabla, fanya jaribio hili. Linazidi lebo yoyote kwa ukweli.

Weka jenereta mahali tambarare, nje, mbali na madirisha. Jaza petroli hadi alama unayoweza kuirudia, mfano ukingo wa chini wa kichujio kilicho kwenye mdomo wa tanki. Washa, chomeka vifaa vyako vyote kama vitakavyokuwa usiku ule, na uache saa nzima. Zima, subiri ipoe, kisha mimina petroli kwa jagi lenye alama za mililita hadi ifike tena kwenye ule ukingo. Ulichomimina ndicho kilicholiwa.

Tuseme zimeingia lita 1.5, si 1.3. Sahau lebo, tumia 1.5: mara 7 ni lita 10.5, sawa na shilingi 31,500. Ukiongeza sehemu ya kumi unapata lita 11.55, yaani 34,650.

Lebo ikiwa na vipimo vingine

Ukikuta `g/kWh`, hizo ni gramu za mafuta kwa kila uniti ya umeme, si lita kwa saa. Zidisha kwa kilowati za mstari wa kwanza, ugawanye kwa 740, maana lita moja ya petroli ina uzito wa karibu gramu 740. Mashine ya kilowati 2 yenye 400 g/kWh: 400 × 2 = 800, na 800 ÷ 740 ni karibu lita 1.1 kwa saa kwa mzigo kamili. Mara nyingi namba hii hupimwa injini ikiwa katika hali yake bora kabisa, kwa hiyo mimi huongeza sehemu ya tano: 1.3. Ukiwa nusu mzigo chukua robo tatu yake kama hatua ya 4.

Ukikuta `gal/h` kwenye mashine iliyotoka Marekani, zidisha kwa 3.785 upate lita. Na zile jenereta ndogo za kuchanganya petroli na oili, ongeza bei ya oili: kwa mchanganyiko wa 50 kwa 1 ni mililita 20 kwa kila lita ya petroli.

Inakula kuliko hesabu? Angalia hapa

*Moshi mweusi na plagi yenye masizi.* Mafuta ni mengi kuliko hewa. Mara nyingi choki imesahauliwa nusu baada ya kuwasha, au chujio la hewa limeziba. Rudisha choki, fungua chujio ulisafishe. Vyote viwili ni kazi ya dakika chache.

*Harufu ya petroli au unyevu chini ya kabureta.* Inavuja. Funga koki, usiwashe, ita fundi. Hii si ya kusubiri shughuli iishe.

*Injini inaguna na taa zinafifia muziki ukipanda.* Mzigo umezidi. Kuna mtu amechomeka kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha, na mara nyingi ni jikoni. Fuata waya hadi mwisho.

*Hakuna dalili yoyote, lakini mafuta yanaisha haraka.* Linganisha namba ya modeli kwenye lebo na iliyo kwenye mwili wa mashine. Jenereta za kukodi hubadilishwa matanki na maganda, na lebo huhamia pamoja nayo.

*Mnabishana na mwenye jenereta kuhusu mafuta yaliyokuwemo.* Geji ya juu ya tanki haiwezi kuamua, haionyeshi lita. Kabla ya kuwasha jazeni pamoja hadi ukingo wa kichujio na mpige picha. Asubuhi jazeni tena hadi palepale, na mlipe kwa lita zilizoingia.